Pai kwa Nukta za Nasibu: Kosa Linapungua Vipi, na Linakaa Wapi

(Hotuba kamili, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa, maneno yanatosha.)

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, wapenzi wa namba, nawasalimu.

Chukueni mraba wenye upande wa urefu wa 1. Kwenye kona ya chini kushoto wekeni ncha ya bikari, mchore robo duara ya nusu kipenyo 1, inayoanzia kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia. Eneo la mraba ni 1. Eneo la robo duara ni pai gawanya kwa 4, yaani 0.7854. Sasa tupeni nukta ndani ya mraba bila kulenga popote, kila mahali pakiwa na nafasi sawa ya kuangukiwa. Kati ya nukta zote N, hesabuni zilizoingia ndani ya robo duara. Idadi hiyo tuiite K. Kadirio la pai ni 4K/N.

Kuna anayehitaji kuelezwa zaidi jinsi ya kufanya? Sidhani. Kwenye kompyuta ni mistari michache tu:

```python
import random

def kadirio(n, mbegu):
    r = random.Random(mbegu)
    k = 0
    for _ in range(n):
        x, y = r.random(), r.random()
        if x*x + y*y < 1:
            k += 1
    return 4 * k / n
```

Kufanya ni rahisi. Kazi inaanza pale jibu linapotoka. Tuseme mmetupa nukta 10,000 na 7,893 zikaingia ndani. Kadirio ni 3.1572. Je, ni jibu zuri au baya? Msiniambie ni baya kwa sababu mnajua pai ni 3.14159! Mwenye kukadiria kitu kwa njia hii kwa kawaida hajui jibu. Angekuwa analijua asingejisumbua. Tunataka jibu lenyewe lituambie limekosea kwa kiasi gani.

Hapo ndipo inapoingia variansi. Rudieni jaribio lile lile mara nyingi, kila mara kwa nukta mpya, nanyi mtapata makadirio yanayotofautiana: 3.15, 3.13, 3.16. Chukueni umbali wa kila kadirio kutoka kwenye wastani wa makadirio yote, mkaupandisha kwenye mraba, kisha mkatafuta wastani wa miraba hiyo. Hiyo ndiyo variansi. Kipeuo chake cha pili ni mkengeuko sanifu, na huo ndio unaosomeka kwa urahisi, kwa sababu uko kwenye kipimo kile kile cha pai yenyewe.

Kwa mraba wetu hesabu yake ni fupi. Kila nukta ni swali la ndiyo au hapana, na uwezekano wa ndiyo ni p = 0.7854. Variansi ya nukta moja ni p(1 − p), yaani 0.1685. Kadirio letu ni wastani wa nukta N uliozidishwa kwa 4, na kwenye variansi 4 hiyo hupandishwa kwenye mraba, inakuwa 16. Kwa hiyo variansi ya kadirio ni 16p(1 − p)/N, ambayo ni takriban 2.697/N. Mkengeuko sanifu ni 1.642 gawanya kwa kipeuo cha pili cha N. Ikiwa pai haijulikani, p huwekewa K/N mahali pake. Kwa nukta zetu 10,000, zilizoingia zikiwa 7,893, mkengeuko sanifu unatoka 0.0163. Zidisheni kwa 1.96, mpate 0.032. Basi jibu halisomwi 3.1572 peke yake. Linasomwa hivi: kati ya 3.125 na 3.189, kwa njia ambayo hufunika thamani ya kweli takriban mara 95 katika kila majaribio 100. Mkisoma hivyo, mnaona mara moja kwamba tarakimu 7 na 2 za mwisho hazina maana yoyote. Ni kelele tupu.

Sasa nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Kwa nini kosa linapungua kwa kipeuo cha pili cha N, na si kwa N yenyewe? Kwa nini nukta mara kumi zisipunguze kosa mara kumi?

Tazameni K, hesabu ya zilizoingia, kabla ya kugawanya. Mkitupa nukta 100, mnatarajia ziingie takriban 79, na K huyumba kwa kama nukta 4 juu au chini. Mkitupa 10,000, mnatarajia 7,854, na K huyumba kwa kama 41. Mkitupa 1,000,000, mnatarajia 785,398, na K huyumba kwa kama 410. Mmeona? Kuyumba hakupungui. Kunakua! Kila nukta mpya inaongeza fujo yake. Lakini fujo za nukta mbalimbali hazisukumi upande mmoja. Nyingine zinavuta juu, nyingine chini, zinafutana kwa sehemu. Nukta zikizidi mara 100, kuyumba kunazidi mara 10 tu. Tukigawanya kwa N, ambayo imekua mara 100, kosa linabaki sehemu moja ya kumi ya lilivyokuwa.

Kwa hiyo ni kosa kufikiri kwamba bahati mbaya ya mwanzo italipwa baadaye. Hailipwi. Kama nukta 1,000 za kwanza ziliingia 20 zaidi ya matarajio, hakuna kitu katika nukta zinazofuata kitakachorudisha hizo 20. Zinazofuata hazikumbuki lolote. Ziada ile inamezwa tu na wingi. Ndiyo maana mkichora kadirio likibadilika kadiri nukta zinavyoongezeka, halishuki kwa utaratibu kuelekea 3.14159. Linatangatanga. Linaweza kuwa karibu sana kwenye nukta 2,000 na likawa mbali zaidi kwenye nukta 5,000. Kinachopungua kwa uhakika ni upana wa kutangatanga. Kosa la siku moja halina ahadi hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema kweli. Ila hapa kila kibaba kipya ni kikubwa mara mia kuliko cha jana. Mkitaka kosa lisizidi 0.01 kwa kiwango kile cha mara 95 katika 100, mnahitaji nukta kama 104,000. Mkitaka 0.001, nukta milioni 10.4. Mkitaka 0.0001, zaidi ya bilioni moja. Kila tarakimu moja, mara mia. Mkitaka tarakimu kumi za desimali, mashine inayotupa nukta bilioni moja kila sekunde ingehitaji karibu miaka 33,000. Basi mtu asiwadanganye kwamba hii ni njia ya kutafutia pai. Pai ni kipimo cha kujaribia njia yenyewe, kwa sababu jibu lake tunalijua na kosa tunaweza kulikagua.

Na hapa nawaletea kisa cha Lazzarini.

Mwaka 1901, Mwitaliano Mario Lazzarini alitangaza matokeo ya jaribio la sindano. Jaribio hilo si la mraba wetu. Lilitokana na swali la Buffon wa Ufaransa katika karne ya 18: sindano ikidondoshwa kwenye sakafu yenye mistari sambamba, ni mara ngapi itakata mstari? Uwezekano huo una pai ndani yake. Lazzarini alitumia sindano ambayo urefu wake ni 5/6 ya umbali kati ya mistari. Alisema alidondosha mara 3,408, ikakata mara 1,808. Kokotoeni: 2 mara 5/6 mara 3,408 gawanya kwa 1,808. Jibu ni 355/113, yaani 3.1415929. Desimali sita sahihi!

Je, tufurahi? Tuulize variansi. Kwa mirusho 3,408 idadi ya mikato huyumba kwa kama 29 juu au chini. Na kama sindano ingekata mara moja tu zaidi, mara 1,809, kadirio lingekuwa 3.1399. Ingekata mara moja pungufu, lingekuwa 3.1433. Hatua moja ya hesabu inasogeza jibu kwenye desimali ya tatu, na yeye akapata desimali sita. Jaribio lile halikuwa na uwezo wa kutoa desimali sita. Lilizipata kwa sababu 3,408 ni 213 mara 16, na 213 ndiyo namba inayoruhusu sehemu 355/113 itokee. Wengi waliochunguza hesabu hizo baadaye wanaona kwamba jaribio lilisimamishwa pale lilipopendeza, au halikufanyika kama lilivyosimuliwa.

Mtego huo huo uko kwenye mraba wetu, na ni rahisi kuunasa. Tupeni nukta 452. Zikiingia 355 kamili, 4K/N inakuwa 355/113 ile ile. Na 355 ndiyo idadi inayotarajiwa hasa, kwa hiyo inatokea kama mara moja katika kila majaribio 22. Mara moja katika 22! Darasa la watu 40, kila mmoja akitupa nukta zake 452, mmoja au wawili huenda wakatoka na desimali sita sahihi, huku mkengeuko sanifu wa kila mmoja wao ni 0.077. Hawajui pai kuliko jirani zao. Nukta 354 zingewapa 3.1327, na 356 zingewapa 3.1504, hakuna jibu lolote linaloweza kukaa katikati isipokuwa hilo moja. Kwa hiyo amueni N kabla ya kuanza, mkae nayo. Anayetazama kadirio likitangatanga na kusimama linapogusa 3.1416 hajapima chochote. Ameandika jibu alilokuja nalo mfukoni.

Jambo la pili, ndugu zangu. Variansi kupungua hakumaanishi kwamba unaelekea mahali sahihi. Nasema tena: kupungua kwa variansi si sawa na kukaribia ukweli.

Mfikirieni mtu asiye na kompyuta. Ana vikaratasi kumi vyenye tarakimu 0 hadi 9. Anachomoa kimoja, anakisoma kama x: 0.0, 0.1, mpaka 0.9. Anakirudisha, anachanganya, anachomoa kingine kwa ajili ya y. Anafanya kwa uaminifu, maelfu ya mara. Mkengeuko wake unapungua vizuri kabisa, kama kanuni inavyotaka. Na jibu lake linakwenda kutulia kwenye 3.44. Kwa nini? Kwa sababu nukta zake hazianguki kila mahali. Zinaangukia pembe 100 tu, na mkiugawanya mraba kwa vyumba vidogo 10 kwa 10, kila pembe ni kona ya chini kushoto ya chumba chake, ile iliyo karibu zaidi na kitovu cha duara. Kati ya hizo 100, pembe 86 ziko ndani. Hata akichomoa milioni, ni 86 katika 100, na 4 mara 0.86 ni 3.44. Akiongeza 0.05 kwenye kila x na kila y, nukta zinahamia katikati ya vyumba, zilizo ndani zinakuwa 79, na jibu linatulia kwenye 3.16. Limepona sana, lakini halijapona kabisa. Dawa ni kuchomoa tarakimu zaidi kwa kila kuratibu: tatu au nne badala ya moja.

Kosa jingine lina alama yake ya kidole. Mkiona kadirio linatulia kwenye 2.83, angalieni kama x na y zimepewa namba ile ile ya nasibu. Nukta zote zitakuwa zimelala juu ya mshazari, nazo zinaingia pale x inapokuwa chini ya 0.7071. Mara 4, ni 2.828. Nimeona inafaa kuitaja kwa sababu msimbo wenye kosa hili unaendeshwa bila malalamiko yoyote, na mkengeuko wake unaonekana mzuri.

La tatu katika kundi hili ni mbegu, ile namba inayoanzisha mfululizo wa namba za nasibu kwenye kompyuta. Mtu anagawa kazi kwa mashine nne, kila moja nukta milioni, akitarajia kupunguza kosa kwa nusu. Mashine zote zinachukua mbegu kutoka kwenye saa, kwa sekunde, na zote zimewashwa ndani ya sekunde ile ile. Zinatupa nukta zile zile! Majibu manne yanafanana mpaka tarakimu ya mwisho. Yeye anaandika kwamba ana nukta milioni nne. Kweli anayo milioni moja, iliyonakiliwa. Makadirio yaliyo huru lazima yatofautiane. Yasipotofautiana, usishangilie, kagua mbegu.

Mtajuaje basi kwamba kila kitu kiko sawa? Endesheni kadirio la nukta 10,000 mara 100, kila mara kwa mbegu tofauti. Tafuteni mkengeuko sanifu wa majibu hayo 100. Uwe karibu na 0.0164, kwa marudio 100, kati ya 0.014 na 0.019 si jambo la kutia shaka. Kisha pandisheni nukta ziwe 40,000 na mrudie. Sasa uwe karibu na 0.0082, nusu kamili. Halafu tazameni wastani wa majibu 100: nao uwe umekaa karibu na pai, usizidi umbali wa kama 0.003 kwa nukta 10,000. Mkengeuko unaopungua nusu kwa nukta mara nne unathibitisha kwamba nukta ni huru. Wastani uliokaa mahali pake unathibitisha kwamba hazikupendelea upande. Moja bila nyingine haitoshi, kama yule wa vikaratasi alivyotuonyesha.

Sasa nifike kwenye swali ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Variansi hii inakaa wapi ndani ya mraba?

Fikirini. Gawanyeni mraba kwa vyumba 100 kwa 100, jumla 10,000. Badala ya kutupa nukta 10,000 ovyo, tupeni moja ndani ya kila chumba, mahali pa nasibu ndani ya chumba hicho. Chumba kilichoko karibu na kitovu chote kiko ndani ya robo duara. Nukta yake itaingia, iangukie popote. Hakina shaka, hakina variansi hata chembe. Chumba cha kona ya juu kulia chote kiko nje; nacho hakina shaka. Shaka yote, yote kabisa, iko kwenye vyumba vinavyokatwa na mstari wa duara. Na hivyo ni vingapi? Mstari unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, unavuka mistari 99 ya wima na 99 ya mlalo, kwa hiyo vyumba unavyopita havizidi 199. Kati ya vyumba 10,000, visivyozidi 199 ndivyo vyenye shaka! Tulipokuwa tunatupa ovyo, tulikuwa tunalipia kelele za vyumba vyote, hata vile ambavyo jibu lake lilijulikana.

Hesabuni. Chumba kimoja chenye shaka hakiwezi kuwa na variansi zaidi ya 1/4, ile ya nusu kwa nusu. Vyumba 199 vina jumla isiyozidi 49.75. Zidisheni kwa 16, gawanyeni kwa mraba wa 10,000, kisha mchukue kipeuo cha pili: mkengeuko sanifu hauzidi 0.0028. Wa kutupa ovyo kwa nukta zile zile 10,000 ulikuwa 0.0164. Karibu mara sita, bila kuongeza nukta hata moja. Kwenye msimbo kinachobadilika ni mzunguko, i na j kila moja ikizunguka kutoka 0 hadi m − 1, m ikiwa idadi ya vyumba kwa kila upande, pamoja na mistari hii miwili:

```python
x = (i + r.random()) / m
y = (j + r.random()) / m
```

Tena kasi yenyewe imebadilika. Nukta zikizidi mara 100, vyumba vya mpakani vinazidi mara 10 tu, kwa hiyo kosa linapungua mara 31 au 32 badala ya mara 10.

Mtauliza: kama vyumba ni vizuri hivi, kwa nini watu bado wanatupa ovyo? Jibu liko kwenye kisa cha mwanahisabati Stanisław Ulam. Mwaka 1946, akiwa anapona ugonjwa, alikuwa akicheza karata za peke yake, akajiuliza uwezekano wa mchezo kufanikiwa. Kuukokotoa kwa mpangilio wa karata 52 kukamshinda, akaona ni afadhali kucheza mara nyingi na kuhesabu. Wazo hilo yeye na John von Neumann walilipeleka kwenye hesabu za neutroni pale kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, likaitwa Monte Carlo. Mraba wetu una pande mbili za kupimia, x na y. Tatizo lenye pande 20, likigawanywa sehemu 10 tu kila upande, linadai vyumba 10 kwa kipeo cha 20. Hakuna wa kuvijaza. Lakini kutupa ovyo hakujali idadi ya pande: variansi ya nukta moja gawanya kwa N, iwe pande 2 au 2,000. Taratibu, ila haiogopi ukubwa.

Neno la mwisho, na ni la kazi. Mkitumia vyumba, msichukue ile kanuni ya 16p(1 − p)/N kupima kosa lenu. Kanuni hiyo inadhani nukta ni huru ndani ya mraba mzima, itawaambia 0.0164 wakati kosa halisi ni chini ya 0.0028. Na nukta moja ndani ya chumba haiwezi kuonyesha chumba hicho kinayumba kiasi gani, maana kuyumba huonekana kuanzia mbili. Kwa hiyo ama mtupe nukta mbili katika kila chumba, mkihesabu vyumba ambavyo nukta zake mbili zimetofautiana, moja ndani na moja nje, ama mrudie jaribio zima mara 50 kwa mbegu tofauti na mpime mtawanyiko wa majibu hayo 50.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Tuendelee na maswali.